Kutoka Mwanga wa Nyota Hadi Madai ya Uhai: Kisa cha Sayari K2-18b

(Hotuba iliyotolewa jioni kwa walimu, wanafunzi na wakazi wa mji wa pwani, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Walimu wangu, wazazi, vijana wetu na nyote mliokubali kuacha shughuli zenu jioni hii, asalaam aleikum na habari za jioni.

Wengi wenu mlikuwa nje usiku wa Septemba 7 mwaka 2025. Kuanzia kama saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne, Mwezi ulipatwa wote na ukawa mwekundu kama shaba. Dunia ilikuwa imejiweka katikati ya Jua na Mwezi, kwa hiyo Mwezi ungepaswa kuwa giza tupu. Wekundu ule ulikuwa mwanga wa Jua uliopenya kwenye ukingo wa angahewa yetu, pande zote za Dunia kwa pamoja, ukapinda na kuangukia Mwezini. Rangi ya bluu ilitawanywa njiani, nyekundu ikafika.

Agosti 2008, wanaastronomia walioko kisiwa cha La Palma, katika visiwa vya Kanari, walielekeza darubini kwenye Mwezi uliopatwa namna hiyo. Waliuchanganua mwanga wake rangi kwa rangi na kukuta sehemu zilizofifia. Oksijeni ilikuwa imekula rangi zake, mvuke wa maji zake, kaboni dioksaidi na methani zao. Wakawa wameisoma hewa ya Dunia kwa kutazama Mwezi tu, kana kwamba wao ni wageni wanaotutazama kutoka mbali. Mnachokwenda kusikia leo ni kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa sayari za nyota nyingine, na ugumu wake unapoanzia.

Kila molekuli ya gesi ina namna zake za kutetemeka na kuzunguka, na kila namna hupokea nishati ya kiasi maalumu. Mwanga wenye nishati hiyo ukipita, molekuli huumeza; mwanga mwingine huuacha. Methani humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 3.3. Kaboni dioksaidi humeza kwa nguvu kwenye mikromita 4.3. Huo ni mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, na hewa yetu wenyewe huuzuia sehemu kubwa. Ndiyo maana darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25 mwaka 2021, imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo.

Sasa twende kwenye sayari yenyewe. Inaitwa K2-18b. Iko katika kundinyota la Simba, umbali wa miaka ya nuru 124. Iligunduliwa mwaka 2015 kwa darubini ya Kepler. Uzito wake ni kama mara 8.6 ya Dunia, na upana wake mara 2.6. Inaizunguka nyota ndogo nyekundu kila baada ya siku 33, na joto inalopokea halitofautiani sana na tunalopokea sisi kutoka kwenye Jua. Naomba mlishike jina hili, kwa sababu hakuna sayari nyingine ya nyota ya mbali ambayo imezua ubishi mkubwa kama huu kuhusu uhai, na ubishi wake unafundisha zaidi ya jibu lolote tulilo nalo.

Hakuna aliyewahi kuiona K2-18b kama duara. Tunachokiona ni nyota ikipungua mwanga. Kila siku 33 sayari inapita mbele ya nyota yake, na kwa muda usiofika saa tatu nyota inapoteza karibu asilimia 0.29 ya mwanga wake. Upungufu huo unatupa upana wa sayari, maana kadiri sayari inavyokuwa kubwa ndivyo inavyoziba eneo kubwa zaidi la uso wa nyota.

Ujanja ni huu. Mwanga unagawanywa kwa rangi, na kila rangi inapimwa peke yake: saa kadhaa kabla ya sayari kupita, wakati inapita, na baada ya kupita. Kwenye rangi ambayo gesi za sayari haziigusi, mwanga unapenya ukingo wa angahewa bila shida na sayari inaonekana na upana wake wa kawaida. Kwenye rangi ambayo methani huimeza, ule ukingo wa hewa unakuwa kama ukuta, na sayari inaonekana imenenepa kidogo. Ukichora upana wa sayari dhidi ya urefu wa wimbi, unapata mstari wenye milima na mabonde. Kila kilima ni mahali ambapo gesi fulani imeziba mwanga.

Sasa tupige hesabu ili tuone kilima hicho kina ukubwa gani. Tunahitaji kujua hewa ya sayari imeinuka kiasi gani. Kuna kipimo kinachotuambia ni kimo gani ukipanda hewa inapungua karibu mara tatu. Hapa Duniani ni kilomita 8.5 hivi. Kimo hicho kinaongezeka joto likizidi, kinapungua mvutano ukizidi, na kinapungua pia molekuli za hewa zikiwa nzito. K2-18b ina mvutano kama mara 1.3 ya wetu, lakini hewa yake imejaa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Kwa hiyo kimo chake kinafika kilomita 70 na zaidi. Ukilinganisha pete hiyo ya hewa na uso wote wa nyota, unapata kama sehemu 25 katika milioni moja. Kilima cha methani kinaweza kuwa na vimo viwili au vitatu vya namna hiyo, yaani sehemu 50 hadi 80 katika milioni. Upungufu mzima wa mwanga ni sehemu 2,900 katika milioni, na habari zote za gesi zimo ndani ya hizo chache zinazopanda na kushuka juu yake.

Mtaniuliza, kwa nini basi tusitafute Dunia nyingine inayozunguka Jua jingine? Fanyeni hesabu ile ile. Dunia ikipita mbele ya Jua, pete ya hewa yake ni kama sehemu 0.2 tu katika milioni kwa kila kimo. Webb haiwezi. Ukiichukua sayari ya ukubwa huo ukaiweka mbele ya nyota nyekundu iliyo ndogo sana, ishara inakua zaidi ya mara 60, kwa sababu tu nyota imepungua. Ndiyo sababu karibu kila habari mnayoisoma ya angahewa za sayari ndogo inatoka kwa nyota nyekundu. Na nyota hizo, kama nitakavyoeleza, zina matata yao.

Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti, wakitumia darubini ya Hubble, yalitangaza kwamba kwenye hewa ya K2-18b kuna mvuke wa maji. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Kilima walichokiona kilikuwa kwenye mikromita 1.4, na ni kweli maji humeza mwanga hapo. Lakini methani nayo humeza hapo hapo, na Hubble ilikuwa na dirisha jembamba la rangi. Ni kama kumtambua mtu sokoni kwa kumwona mgongo tu: unaweza kuapa ni jirani yako, kumbe ni mtu mwingine mwenye shati kama lake. Mwaka 2023 Webb ilitazama kuanzia mikromita 0.9 hadi 5.2, ikakuta vilima vya methani kimoja baada ya kingine, pamoja na dalili ya kaboni dioksaidi, kila moja kwa kiwango cha kama asilimia 1 ya hewa ile. Maji hayakuonekana waziwazi. Kile kilima cha mwaka 2019 kilikuwa cha methani.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo penye kanuni ya kwanza. Kilima kimoja hakitambulishi gesi. Gesi inatambulika pale inapojitokeza kwenye mawimbi yake yote, kila kilima kikiwa na urefu unaolingana na vingine. Methani ya K2-18b imepita mtihani huo. Mimi naiamini.

Katika ripoti ile ya mwaka 2023 kulikuwa na sentensi chache kuhusu gesi nyingine: daimethili salfaidi, wenyewe huiita DMS. Ninyi mnaoishi hapa mnaijua bila kujua jina lake. Maji yakipwa na upepo ukitoka baharini, ile harufu ya pwani, sehemu yake kubwa ni gesi hiyo. Inatokana na viumbe vidogo vya baharini, hasa mimea midogo inayoelea majini, na hapa Duniani karibu yote inatokana na viumbe hai. Haidumu hewani; mwanga wa Jua na kemia yake huiharibu ndani ya siku moja au mbili. Ikiwepo kwa wingi, basi kuna kitu kinaitengeneza kila siku.

Aprili 2025 kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge, likiongozwa na Profesa Nikku Madhusudhan, lilirudi na vipimo vipya vya Webb, safari hii kwa kifaa kingine, kwenye mikromita 6 hadi 12. Walisema wameona DMS au ndugu yake wa karibu, daimethili daisalfaidi, kwa kiwango kinachozidi sehemu 10 katika milioni. Hewa ya Dunia ina chini ya sehemu moja katika bilioni. Uhakika wao waliuita wa sigma tatu. Maana yake ni kwamba kama gesi hiyo haipo, bahati tupu ya vipimo ingeweza kutoa picha kama ile mara tatu katika elfu. Wenyewe walisema kiwango hicho hakitoshi kuitwa ugunduzi, ambao kwa kawaida hudai sigma tano. Vichwa vya habari havikusubiri.

Ndani ya wiki chache wengine walichukua data zile zile na kuzipima upya. Jake Taylor wa Oxford aliuliza swali rahisi kuliko yote: je, mstari ulionyooka, usio na kilima chochote, unatosha kueleza vipimo hivi? Akakuta unatosha. Luis Welbanks na wenzake walifuata njia nyingine. Kundi la Cambridge lilikuwa limelinganisha data na orodha fupi ya gesi, na DMS ikashinda. Welbanks alirefusha orodha, akaingiza haidrokaboni nyingi ambazo hakuna aliyezijaribu, na baadhi zikaendana na data sawa na DMS au kuizidi. Ushindi ule ulikuwa umetokana na ufinyu wa orodha.

Hapa ndipo ninapowaomba vijana mnaosoma hisabati msikilize kwa makini. Hizo sigma tatu hazipimi kama gesi ipo. Zinapima ni kiasi gani mfano wenye gesi hiyo unaupita mfano usio nayo, na zinategemea kabisa ni mifano gani umeiweka mezani. Ukiwa na washindani wawili, mmoja lazima aonekane bora. Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya uhakika kuhusu gesi ya sayari ya mbali, mwulize ililinganishwa na nini.

Kuna matata ya aina ya pili, na haya yanatoka kwenye nyota yenyewe. Sayari haipiti uso mzima wa nyota. Inakata mstari mmoja tu. Sisi tunadhani mwanga wa mstari huo unafanana na wastani wa nyota nzima. Nyota nyekundu zina madoa mengi, sehemu za baridi na giza, kama yale ya Jua lakini makubwa zaidi. Madoa yakiwa nje ya njia ya sayari, njia yenyewe inakuwa angavu kuliko wastani, na sayari inaonekana imeziba mwanga mwingi kuliko ukweli wake. Kosa hilo linabadilika kwa rangi, kwa hiyo linachora vilima vyake. Baya zaidi, ndani ya doa la baridi molekuli za maji zinaweza kuwepo; hata kwenye madoa ya Jua mvuke wa maji umeonekana. Unaweza kutangaza maji ya sayari, kumbe ni maji ya nyota.

Utajuaje? Njia ya kwanza ni kutazama mapito mengi. Hewa ya sayari haibadiliki sana kutoka mwezi huu hadi mwingine, lakini madoa ya nyota yanazunguka, yanazaliwa na kufa. Kilima kinachokuja na kuondoka ni cha nyota. Ya pili ni kutazama pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, kwa sababu huko madoa yanajidhihirisha zaidi, na mstari unapanda kuelekea upande wa bluu. Na wakati mwingine sayari inapita juu ya doa lenyewe, mwanga wa nyota unapanda kidogo katikati ya upungufu, na doa linakuwa limekamatwa.

Kuhusu mawingu nitasema kwa ufupi tu: yakiwa juu, yanaziba kila kitu na mstari unanyooka. Sayari iitwayo GJ 1214b ilipimwa na Hubble mara nyingi, ikatoa mstari ulionyooka. Hapo hujapata habari kwamba hakuna gesi. Umepata habari kwamba huoni.

Tuseme sasa tumevuka yote hayo. Gesi ipo kweli, haitoki kwenye nyota, vilima vyake vyote vimeonekana. Je, tumepata uhai? Bado.

Turudi kwenye Dunia ile iliyosomwa kupitia Mwezi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa yetu. Methani ni kama sehemu 1.9 katika milioni. Hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja kwa muda mrefu. Oksijeni na mwanga wa Jua huiteketeza methani kwa miaka kama kumi. Ikiwa methani bado ipo, kuna chanzo kinachoijaza bila kukoma, na kwa kiasi ambacho volkano na miamba hazifiki. Hoja hii ilitolewa tangu miaka ya 1960 na James Lovelock na wenzake. Desemba 1990 chombo cha Galileo kilipita karibu na Dunia kikielekea Mshtarii, na Carl Sagan na wenzake wakakitumia kuipima Dunia kama sayari ngeni. Jozi ya oksijeni na methani ilikuwa miongoni mwa ushahidi wao.

Mnaona kwamba kilichobeba uzito hapo si gesi moja. Methani peke yake inatoka kwenye miamba na maji. Oksijeni peke yake pia inaweza kudanganya, hasa kwa nyota nyekundu. Nyota hizo zikiwa changa hung'aa sana, bahari za sayari huchemka, mionzi huvunja maji, haidrojeni nyepesi hutoroka angani na oksijeni hubaki nyuma, pengine nyingi kuliko yetu mara nyingi, na hakuna hata jani moja. Lakini oksijeni ya namna hiyo huacha alama: ikiwa nyingi sana, molekuli zake zinagongana mara kwa mara, na migongano hiyo humeza mwanga kwenye mikromita 1.06 na 1.27. Ukikuta alama hizo zina nguvu kubwa, punguza shangwe.

Kwa K2-18b hali ni tofauti tena. Hewa yake ni ya haidrojeni, na kwenye haidrojeni methani ni kitu cha kawaida kabisa, kama ilivyo kwenye Neptuni. Amonia haikuonekana, na waliotaka bahari walisema bahari imeiyeyusha. Wengine wakajibu kwamba chini ya hewa hiyo kunaweza kuwa na miamba iliyoyeyuka, nayo humeza naitrojeni vilevile. Kwa hiyo hata swali la kama sayari ile ina uso wa maji halijafungwa.

Na DMS? Imekutwa kwenye nyotamkia 67P, ile iliyotembelewa na chombo cha Rosetta. Imekutwa kwenye wingu la gesi kati ya nyota. Na kwenye maabara, watafiti waliweka gesi za kawaida, salfa ikiwemo, wakazimulika kwa mwanga wa urujuanimno, na DMS ikatokea. Hakuna kiumbe hata kimoja katika visa hivyo vitatu. Hoja kwamba inatoka kwenye uhai peke yake imeanguka. Iliyobaki ni hoja ya kiasi: je, njia hizo zisizo na uhai zinaweza kutoa kingi kiasi hicho, kila siku, dhidi ya mwanga unaoiharibu?

Mimi ningekubali alama ya uhai kwa masharti ambayo ni magumu, lakini yanapimika. Chukueni hiyo hiyo DMS. Ikitolewa kwa wingi na viumbe, mwanga wa nyota utaivunja, na vipande vyake vya kaboni vitaungana kuwa ethani. Kwa hiyo anayedai DMS anapaswa kuonyesha ethani ya kutosha, kwa kiasi ambacho hesabu za kemia zimekitaja kabla ya kutazama, tena na timu nyingine iliyochakata data kwa njia yake. Anapaswa kuipima mionzi ya nyota ile, aseme kila kilo inaharibika kwa kasi gani, na aonyeshe kwamba nyotamkia na mwanga haviwezi kujaza pengo. Dai linaloweza kuvunjika kwa namna hiyo, na likakataa kuvunjika, hilo nitalisimamia hadharani.

Nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo kwa sayari yenye ukubwa wa Dunia iko miaka ya nuru 40 kutoka hapa, kwenye nyota TRAPPIST-1 yenye sayari saba. Ya nne kutoka kwenye nyota, TRAPPIST-1e, inapokea joto linaloruhusu maji kuwa majimaji. Matokeo ya mapito yake manne ya kwanza kwa Webb yalitolewa mwaka 2025, na madoa ya nyota yalikuwa yameyachafua kiasi kwamba haikuweza kuamuliwa kama ina hewa au haina.

Kinachofanywa sasa ni hiki. Sayari ya kwanza ya nyota hiyo, TRAPPIST-1b, iko karibu sana na nyota, inazunguka kwa siku moja na nusu, na vipimo vya joto lake vinaonyesha ni kama mwamba mtupu. Mwamba mtupu haupaswi kuwa na kilima chochote. Wanaastronomia wanatafuta siku ambazo b na e zinapita mbele ya nyota zikifuatana kwa saa chache tu, kabla nyota haijazunguka na kubadilisha madoa yake. Kila kilima kitakachoonekana kwenye b kitahesabiwa ni cha nyota, na kitaondolewa kwenye e. Kitakachobaki ndicho kitakuwa cha hewa ya e, kama anayo, na kitu cha kwanza watakachotafuta humo ni kile kilima cha kaboni dioksaidi kwenye mikromita 4.3.

Asanteni. Sasa nayapokea maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi.